Kuongeza na kutoa kodi ya ongezeko la thamani kwa seli moja: dhana potofu na ukweli

Mtindo wa kuweka kiwango cha kodi katika seli moja, kisha fomula zote zikakisoma hapo, ni mzuri na mimi siuachi. Tatizo ni kwamba umezungukwa na mambo ambayo watu huyaamini tu kwa mazoea, na makosa yake hayapigi kelele: namba zinatokea, zinapendeza, nazo si sahihi. Mifano yote hapa inatumia kiwango cha 18%. Kama chako ni kingine, hesabu ni ileile. Fomula nimeziandika kwa Excel, na LibreOffice Calc na Google Sheets nazo zinazielewa vilevile.

Dhana: Kama niliongeza 18%, nikitoa 18% nitarudi nilikoanza.

Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote, na nimelikuta hata kwa watu waliofanya kazi ya hesabu miaka mingi. Chukua bei ya 5,000 kabla ya kodi. Ukiongeza 18% unapata 5,900. Sasa mtu ana bei hiyo yenye kodi katika A4 na kiwango katika B1, anataka kuiondoa kodi, anaandika hivi:

```
=A4*(1-$B$1)
```

Anapata 4,838, siyo 5,000. Zile 162 zimepotelea wapi? Kodi ilihesabiwa juu ya 5,000, ikawa 900. Yeye amekata 18% ya 5,900, yaani 1,062. Amekata kodi ya bidhaa, kisha akakata tena 18% ya kodi yenyewe: 18% ya 900 ni 162 kamili.

Bei yenye kodi ni 118% ya bei halisi. Ili kurudi nyuma unagawanya, hutoi:

```
=A4/(1+$B$1)
```

Na ukitaka kiasi cha kodi kilichomo ndani ya bei:

```
=A4*$B$1/(1+$B$1)
```

Kwa 5,900 utapata 5,000 na 900. Kipimo rahisi ni kuirudishia kodi bei uliyoipata, uone kama inafika ilikotoka. Ile 4,838 ukiiongezea 18% inakuwa 5,708.84. Haijafika 5,900, kwa hiyo fomula ni mbovu.

Dhana: Fomula ikikubali mstari wa kwanza, nikiiburuta chini itakubali yote.

Tuseme kiwango kiko B1, mstari wa pili uko wazi, mstari wa tatu una vichwa vya safu, na bei zinaanzia A4: 5,000, 1,200, 800 na 350. Katika B4 umeandika `=A4*(1+B1)` bila alama ya dola. Unapata 5,900, unafurahi, unaburuta hadi B7. Tazama kinachotokea.

B5 inasoma `=A5*(1+B2)`. B2 iko tupu, Excel inaihesabu kuwa sifuri, nawe unapata 1,200 ileile. B6 inasoma B3, ambamo kuna maneno ya kichwa cha safu, kwa hiyo inatoa `#VALUE!`. B7 inasoma B4, yaani jibu la mstari wa kwanza, na bei ya 350 inageuka kuwa 2,065,350.

Watu hukimbilia kurekebisha `#VALUE!` na ile namba kubwa kwa sababu zinaonekana kwa mbali. Ninayoiogopa mimi ni ile 1,200. Imetulia pale kama bei ya kawaida, na bidhaa itauzwa bila kodi huku kodi yenyewe ukija kuilipa kutoka mfukoni mwako.

Dawa ni kuifunga seli ya kiwango: `$B$1`. Ukiwa unaandika fomula, weka kishale juu ya B1 kisha bonyeza F4, dola zitaingia zenyewe. Ya kwanza inafunga safu, ya pili inafunga mstari. Ukishaburuta, nenda kwenye seli ya mwisho kabisa, bonyeza F2, uone inasoma seli gani. Ukiona A7 na `$B$1`, uko salama.

Dhana: 18 na 18% ni kitu kimoja, mashine itaelewa.

Haielewi. Ukiandika 18 katika seli ya kawaida, `1+$B$1` inakuwa 19, na 5,000 inakuwa 95,000. Kisha wengi hujaribu kuponya kwa kubadili umbo la seli liwe la asilimia, wakaona 1800%. Hilo si kosa la Excel, kwani 18 nzima ni sawa na 1800%. Andika `18%` pamoja na alama yake, au 0.18. Na kama kiwango kimelalia upande wa kushoto wa seli ambayo hujaipanga mwenyewe, huenda kimeingia kama maandishi, pengine kwa sababu ya nafasi au herufi iliyojipenyeza. Kifute, ukiandike upya.

Dhana: Nikificha desimali, namba imeshakadiriwa.

Umbo la seli hubadilisha unachokiona tu. Bei ya 1,000 yenye kodi ndani yake ni 847.4576 bila kodi, nawe ukaamua ionekane 847. Orodhesha bidhaa tatu za namna hiyo: macho yanaona 847 mara tatu, ambazo ni 2,541, lakini jumla iliyo chini inasema 2,542. Mteja mwenye kikokotoo atakuuliza. Kadiria kwenye fomula yenyewe katika B4, halafu kodi uipate kwa kutoa katika C4:

```
=ROUND(A4/(1+$B$1),0)
=A4-B4
```

Kwa njia hiyo bei halisi na kodi zikijumlishwa zinarudi 1,000 kila mara. Sifuri hiyo iwe 2 kama fedha yako inahesabu senti. Utaratibu wa kukadiria kwa kila bidhaa au kwa jumla ya ankara hutegemea sheria unayolipia kodi, kwa hiyo uangalie kwanza.

Dhana: Kiwango kikibadilika, nabadilisha seli moja tu na kazi imekwisha.

Kwa orodha ya bei, ni kweli kabisa. Kwa kumbukumbu za mauzo, ni hatari. Ankara ya mwezi uliopita ilikuwa 5,000 na kodi 900, mteja akalipa 5,900. Leo unabadilisha B1 kuwa 16%, na papo hapo ankara ile inaonyesha 5,800. Hakuna onyo lolote. Kitabu chako sasa kinasema mteja alilipa 100 zaidi ya anachodaiwa, na kodi ya kipindi ambacho labda umeshakitolea ritani imebadilika bila wewe kugusa mstari wake.

Ndiyo maana kwenye daftari la mauzo ninaweka safu ya kiwango katika kila mstari. Mauzo yanapoingia, ninanakili B1 na kubandika thamani yake peke yake, siyo fomula, kisha hesabu ya mstari huo inasoma safu hiyo:

```
=B12*(1+C12)
```

Hapa C12 haina dola, na inapaswa kuwa hivyo, kwa sababu kila mstari una kiwango chake. Seli ya B1 inabaki kuwa kiwango cha leo, cha kupangia bei na kufungulia ankara mpya. Safu hiyo hiyo inasaidia pia pale penye bidhaa zilizosamehewa kodi au zenye kiwango cha sifuri: mstari wake unaandikwa 0%, na fomula inabaki ileile kutoka juu hadi chini.