Nembo ya pikseli 160 kwenye cheti cha A4: kuikuza bila kuiachia ukungu

Katibu wa kikundi kimoja cha kuweka na kukopa cha Mbagala alinijia ofisini, chuoni tunakofundisha usanifu na uchapaji, na vyeti hamsini mkononi. Karatasi nzito, pambo la dhahabu pembeni, maandishi yamekaa sawasawa. Ila nembo yao pale juu katikati, dau jeupe ndani ya duara la kijani, ilikuwa kama unaitazama kupitia kioo chenye mvuke.

"Mwalimu, steshenari wanasema printa yao nzima," alilalamika. "Sasa huu ukungu umetoka wapi?"

"Printa haina kosa, mama. Nembo mliipata wapi?"

Ilikuwa picha ya kundi lao la WhatsApp. Kijana wao aliikata kwenye skrini ya simu, akaibandika kwenye cheti, akaivuta kona mpaka ikajaa nafasi. Nilipoifungua ilikuwa na upana wa pikseli 160.

Hesabu yake ni fupi. Chapa inayosomwa mkononi huhitaji takriban pikseli 300 kwa kila inchi, na inchi ni milimita 25.4. Kwa hiyo pikseli 160 zinatosha nembo ya milimita 13 na kidogo, ukubwa wa kitufe cha shati. Wao waliitaka milimita 35, ambayo ni pikseli 413. Nembo ilipaswa kukuzwa mara mbili na nusu hivi, na pikseli za ziada lazima kompyuta izibuni.

Namna inavyobuni ndiyo inayoleta ukungu. Kati ya pikseli ya kijani na jirani yake nyeupe, programu hupanga ngazi za kijani kinachofifia. Ukingo uliokuwa unavukwa kwa pikseli moja au mbili sasa unavukwa kwa nne au tano. Peke yake labda usingeona kitu. Lakini chini yake lipo jina la mwanachama, herufi zilizochapwa upya zenye kingo kali, na jicho hulinganisha hapo hapo. Ndiyo maana nembo ile ile ilipendeza kwenye simu, ambako haikuwa na jirani wa kuiumbua.

Kabla ya kurekebisha chochote, tafuta asili. Mara nyingi aliyeichora nembo alituma PDF siku moja, na PDF hiyo ipo kwenye barua pepe ya mtu. Ifungue na uikuze mpaka asilimia 800: kingo zikibaki kali, umepata mchoro wa mistari unaokuzwa upendavyo, na kazi imeisha. Kikundi hiki hakikuwa nayo. Mchoraji alihama na kompyuta ikafa.

Basi tukatumia njia ninayoipenda kwa nembo za rangi moja au mbili. Siri yake ni kuikuza kupita kiasi, kuutia ukungu kwa makusudi, kisha kuukata katikati. Nilifanya kwenye GIMP, programu isiyolipiwa.

Kwanza niliondoa rangi kwa `Colors > Desaturate`. Kijani kikawa kijivu cha wastani, na hapa wengi huteleza. Kijivu hicho lazima kifanywe cheusi kwanza, kwa `Colors > Levels`, ili nusu ya njia kati ya nembo na karatasi iwe kweli 128 kwenye kipimo cha 0 mpaka 255. Ukiruka hatua hii, mistari itanenepa au kukonda ukifika mwisho.

Kisha `Image > Scale Image`, mara nane, `Interpolation` ikiwa `Cubic`. Pikseli 160 zikawa 1280, na nembo ikawa ovyo kabisa, kingo zimevimba kama chapati iliyolowa. Juu ya hapo nikaongeza `Filters > Blur > Gaussian Blur` ya ukubwa wa 4. Katika ukubwa ule, 4 ni nusu ya pikseli moja ya zamani, inatosha kulainisha vingazi bila kumeza umbo.

Halafu nikarudi kwenye `Levels`, nikasogeza kidude cha weusi mpaka 108 na cha weupe mpaka 148. Chochote chini ya 108 kikawa cheusi, juu ya 148 kikawa cheupe, na ule utando mpana ukabaki uzi mwembamba. Kwa kuwa 128 iko katikati ya namba hizo, ukingo haukuhama mahali pake. Yale madoa ya kijivu hafifu yanayozagaa kandokando ya michoro iliyobanwa kwa JPEG nayo yakafutika, maana yalikuwa mepesi kuliko 148. Mwisho nikaishusha nembo mpaka pikseli 413, nikairudishia kijani kwa `Colors > Map > Gradient Map`, rangi ya mbele ikiwa kijani na ya nyuma nyeupe.

Kushusha ni mara moja tu. Ukivuta kona, ukaona kubwa, ukarudisha, ukavuta tena, kila mara pikseli zinakokotolewa upya kutoka kwenye zilizokwisha kulegea. Ukikosea rudi kwa `Ctrl+Z`, uanze tena kutoka ile ya 1280.

Jina la kikundi lililozunguka duara halikuokoka. Herufi zake zilikuwa na urefu wa pikseli sita, na tundu la "a" lilikuwa pikseli moja iliyochafuka. Ukilikuza hilo unapata tope lenye kingo safi, ambalo nadhani ni baya kuliko ukungu. Nikalifuta, nikaliandika upya kwenye Inkscape, programu ya michoro ya mistari, kwa mwandiko unaofanana, nikalizungusha kwa `Text > Put on Path`. Dakika kumi. Maandishi yaliyo ndani ya nembo ndogo nashauri yaandikwe upya sikuzote.

Wapo wanaokimbilia kichujio cha kunoa, `Sharpen (Unsharp Mask)`, wakakipandisha mpaka juu. Kichujio hicho hakipunguzi upana wa ukingo kwa kiasi unachotaka. Huongeza weusi upande mmoja na weupe upande wa pili, nembo ikapata mstari wa mwanga kama taa imewashwa nyuma yake.

Njia hii haifai sura ya mtu, kwa sababu ngozi ni ngazi tupu za rangi na `Levels` ya namna ile itaigeuza kinyago. Picha ndogo ya mwenyekiti ichapwe ndogo, basi. Kwa bango linalotazamwa kutoka ng'ambo ya barabara pikseli 300 hazihitajiki, hivyo hesabu inalegea sana.

Kukagua, usitegemee skrini iliyokuzwa. Chapa kipande cha nembo pamoja na mstari mmoja wa maandishi, kwa ukubwa halisi, kwenye karatasi ya kawaida, ukisome kwa umbali wa mkono. Kwenye skrini, ikuze mpaka uhesabu pikseli: ukingo wa nembo uvukwe kwa idadi ile ile ya ngazi kama ukingo wa herufi iliyo jirani. Ukihesabu mbili kwenye herufi na tano kwenye nembo, bado.

Tulichapa kipande hicho hapo hapo ofisini. Mama yule akakisogeza dirishani, akavaa miwani. Akaona kitu nilichotaraji asikione: ncha ya mlingoti wa dau, iliyokuwa kali kwenye mchoro wa kwanza, sasa imeviringika kidogo. Ndivyo ukungu wa makusudi unavyofanya kwenye kona. Tukarudi Inkscape, tukauchora mlingoti upya kwa mistari miwili.