Uwiano wa moja kwa moja na uwiano wa kinyume: hesabu ya vibarua na mtaro

Vibarua 8 wanachimba mtaro wa bomba la maji kwa siku 6. Wakiwa 12, watauchimba kwa siku ngapi?

Aliyepita darasa la sita au la saba amekutana na swali la namna hii, na wengi hujibu siku 9. Hawajakosea kuzidisha wala kugawanya. Wamepanga namba katika safu mbili, wakazidisha kimshazari kama walivyozoea kwenye maswali ya bei ya sukari, na hesabu ikatoka vizuri kabisa: 12 × 6 ÷ 8 = 9. Tatizo ni kwamba njia hiyo ni ya uwiano wa moja kwa moja, na swali hili ni la uwiano wa kinyume. Watu wameongezeka halafu siku nazo zimeongezeka. Hilo peke yake lingetosha kumshtua mtu kabla hajaweka kalamu chini.

Ili kuzitofautisha aina hizi mbili, jiulize swali moja kabla ya kugusa namba: katika habari hii, ni kitu gani hakibadiliki?

Tuanze na sukari. Kilo 1 ikiwa shilingi 3,000, kilo 2 ni 6,000 na kilo 5 ni 15,000. Kilo zinabadilika na fedha zinabadilika, lakini ukigawanya fedha kwa kilo unarudi palepale, 3,000. Huo ndio uwiano wa moja kwa moja: vitu viwili hupanda na kushuka pamoja, na kimoja kikigawanywa kwa kingine jibu ni lilelile siku zote. Kwa alama za hesabu tunaandika y = kx, ambapo k ni ile namba isiyobadilika.

Sasa turudi kwenye mtaro. Tuseme una urefu wa mita 240, upana wa nusu mita na kina cha mita 1. Mtaro hauongezeki urefu kwa sababu wachimbaji wameongezeka. Kisichobadilika hapa ni kazi yenyewe, nayo inapimika: watu 8 kwa siku 6 ni sawa na siku 48 za mtu mmoja. Tuziite siku-kazi. Mtaro huu unadai siku-kazi 48, na utazidai zilezile aje nani. Watu 12 watazimaliza kwa siku 4, maana 12 × 4 = 48. Watu 16 kwa siku 3. Watu 6 kwa siku 8. Huu ni uwiano wa kinyume: kimoja kikipanda kingine kinashuka, na vikizidishwa pamoja jibu halibadiliki. Tunaandika xy = k.

Kwa hiyo njia ya kutatua ni fupi. Tafuta siku-kazi kwa kuzidisha, kisha gawanya kwa idadi mpya ya watu, au kwa idadi mpya ya siku kama swali limeuliza watu.

Kuna kosa jingine ambalo naliona ni la hatari zaidi, kwa sababu jibu lake linafanana na ukweli. Mtu anasema: watu wameongezeka 4, basi siku zipungue 4, jibu ni siku 2. Ukitaka kuona ubovu wake, endelea nayo mbele kidogo. Watu wakiwa 14, wameongezeka 6, basi siku zimepungua 6. Mtaro umechimbwa kwa siku sifuri. Uwiano hauendi kwa kujumlisha na kutoa. Unaenda kwa kuzidisha na kugawanya. Watu wakiwa mara mbili, siku ni nusu. Watu wakiwa mara moja na nusu, kama hawa 12, siku ni theluthi mbili ya zile za mwanzo.

Ndiyo maana kushuka kwa siku si kwa hatua sawa, na hapa msimamizi wa kazi anapaswa kutuliza macho. Mtu mmoja peke yake angekaa kwenye mtaro huo siku 48. Akipata mwenzake mmoja tu, zinashuka hadi 24: mtu mmoja wa ziada ameokoa siku 24. Sasa angalia upande wa pili. Ukiwa na watu 24 kazi inaisha kwa siku 2, na ili iishe kwa siku 1 unahitaji watu 48. Umeleta watu 24 wengine ukaokoa siku moja. Ukichora grafu, uwiano wa moja kwa moja unakupa mstari ulionyooka unaoanzia kwenye sifuri, lakini huu unakupa mkunjo unaoporomoka ghafla mwanzoni kisha unalala taratibu, wala haugusi sifuri hata ukileta kijiji kizima.

Ukumbuke pia kwamba kushuka pekee si uwiano wa kinyume. Tangi lenye lita 3,000 likitumika lita 500 kila siku, maji yanapungua kadiri siku zinavyoongezeka. Siku ya 1 yamebaki 2,500, siku ya 2 yamebaki 2,000. Zidisha: 1 × 2,500 ni 2,500, na 2 × 2,000 ni 4,000. Majibu hayalingani, kwa hiyo si uwiano wa kinyume. Vivyo hivyo kupanda pamoja si lazima kuwe uwiano wa moja kwa moja. Mwenye lori akitoza 20,000 ya kuanzia na 2,000 kwa kila kilomita, safari ya kilomita 10 ni 40,000 lakini ya kilomita 20 ni 60,000, si 80,000. Jaribio la haraka ni hili: kimoja kikiongezwa mara mbili, je, kingine kinakuwa mara mbili kamili, au nusu kamili? Kama si hivyo, achana na kanuni zote mbili.

Katika mtaro wetu aina zote mbili zinafanya kazi kwa pamoja. Mita 240 kwa siku-kazi 48 maana yake kila mtu anachimba mita 5 kwa siku. Urefu na siku-kazi vina uwiano wa moja kwa moja: mtaro wa mita 400 unadai 400 ÷ 5, yaani siku-kazi 80. Watu na siku vina uwiano wa kinyume: siku-kazi 80 kwa watu 10 ni siku 8. Maswali yale marefu yenye watu, siku na mita kwa mpigo huwatisha wanafunzi, lakini ukishajua mtu mmoja anafanya kiasi gani kwa siku moja, yanabaki kuwa hatua hizi mbili.

Fedha nazo ziko hapo ndani. Kama ujira ni shilingi 15,000 kwa siku, watu 8 kwa siku 6 watalipwa 720,000. Watu 12 kwa siku 4 watalipwa 720,000 hizohizo, kwa kuwa unalipa siku-kazi 48 vyovyote vile. Anayedhani kupunguza watu kunapunguza gharama ya vibarua anajidanganya. Anachopata ni kazi ya siku nyingi zaidi, na kama msimamizi naye analipwa kwa siku, gharama inapanda.

Tuseme sasa wale 8 wameanza, na baada ya siku 2 wawili wakaondoka kwenda kwenye msiba. Siku-kazi zilizokwisha kutumika ni 16, zimebaki 32. Waliobaki ni 6. Gawanya 32 kwa 6: siku 5 na theluthi moja. Ile theluthi si ya kupuuzwa wala ya kuifanya siku nzima. Kama wanaanza saa 1 asubuhi na kutoka saa 7 mchana, siku yao ni saa 6, na theluthi yake ni saa 2. Watamaliza saa 3 asubuhi ya siku ya sita tangu wenzao waondoke, na kazi yote itakuwa imechukua siku 7 na kidogo badala ya 6.

Hesabu hizi zote zimesimama juu ya dhana moja ambayo vitabu mara nyingi haviitamki: kwamba kila mtu anayeongezwa anafanya sawa na waliotangulia. Pale kwenye mtaro dhana hiyo ina mpaka. Kama sururu na mabeleshi yanatosha watu 8, wale 4 wapya watasimama wakisubiri zamu. Kama umeweka watu 48, kila mmoja ana mita zake 5 na wanapumua. Ukiweka 96, kila mmoja ana mita 2 na nusu, na sururu ya mtu inaanza kutafuta kichwa cha jirani. Kisima ni kibaya zaidi: chini anaingia mchimbaji mmoja, juu wanavuta ndoo kwa kamba, na kuongeza watu kunawapa nafasi ya kupokezana tu. Zege nalo halijali idadi ya mafundi. Nguvu yake hupimwa ikiwa na siku 28 tangu kumwagwa, na watu 100 hawawezi kuzifanya siku hizo kuwa 14.

Kina nacho hudanganya. Mtaro wa mita 2 kwenda chini una udongo mara mbili ya ule wa mita 1, na mwanafunzi ataandika siku-kazi 96. Aliyeko ndani ya shimo hawezi kurusha udongo juu ya kichwa chake siku nzima. Anahitaji mwenzake wa kuupokea, na kingo inabidi zilazwe au ziegemezwe mbao zisije zikaporomoka. Siku-kazi zitapita 96.

Njia ya kujua kama uwiano bado unashika ni kupima jioni ya siku ya kwanza. Watu 12 walitarajiwa kuchimba mita 60. Ukivuta futi kamba ukakuta mita 48, basi kila mtu amechimba mita 4, si 5. Pengine ardhi ina mawe, pengine zana hazikutosha. Zimebaki mita 192, ambazo kwa mwendo wa mita 48 kwa siku ni siku 4 nyingine. Kazi yote itakuwa siku 5, siku-kazi 60, na ujira wa 900,000 badala ya 720,000.