Kipimo cha shabihi: je, sura iliyopachikwa ni ya mwenyewe?

Kupachika sura ni kuchukua uso wa mtu mmoja na kuuweka juu ya video ya mtu mwingine. Kazi hiyo ina watu wawili. Wa kwanza nitamwita mwenye sura, kwa kuwa uso unatoka kwake. Wa pili ni mwenye mwili, ambaye video yake inaupokea. Mwenye mwili anabaki na mwendo wa kichwa, midomo inavyochezacheza, mwanga wa chumba, nywele na masikio. Kwa mwenye sura kinatakiwa kitu kimoja tu, nacho ni utambulisho: kile kinachomfanya mama yake asimchanganye na mtoto wa jirani.

Kipimo cha shabihi huleta mtu wa tatu. Shabihi ni mtu anayefanana sana na mwenye sura: rika moja, umbo la uso moja, ndevu zile zile, rangi ile ile. Tunalichukua tokeo la upachikaji na kuuliza linamwelekea nani kati ya hao wawili. Likimwelekea mwenye sura waziwazi, utambulisho umehama. Likiwa katikati, kilichohama ni aina ya mtu, si mtu mwenyewe.

Swali hili linahitajika kwa sababu kipimo kilichozoeleka ni chepesi mno. Tangu mfumo wa kupachika sura uitwao FaceShifter ulipotolewa mwishoni mwa 2019, wengi hupima hivi: wanachukua video 1,000 za FaceForensics++, mkusanyo wa video za nyuso, wanatoa picha 10 katika kila moja, wanapata nyuso 10,000. Kisha kila uso uliopachikwa unalinganishwa na rundo lote, na inatazamwa kama uso ulio karibu nao zaidi ni wa mwenye sura. Watengenezaji wa FaceShifter walipata zaidi ya asilimia 97. Ni alama nzuri, lakini tazama wanaoshindana ndani ya rundo hilo. Ni wanawake na wanaume, vijana na wazee, weupe na weusi, wenye ndevu na wasio nazo. Ukitumwa kumtafuta mzee mwenye mvi katika darasa la chekechea, utarudi naye hata kama hujawahi kumwona. Mfumo unaohamisha jinsia, umri, rangi na nyusi nene unaweza kufaulu vizuri tu, na mama mtu asimtambue mwanawe.

Wanaopima utambuzi wa nyuso waliliona tatizo hili mapema. Mkusanyo wa picha uitwao LFW, wa 2007, ulikuwa na jozi za watu tofauti zilizookotwa kwa bahati nasibu, na mashine zikafika karibu na kikomo cha alama. Mwaka 2017 watafiti wa Beijing walizitoa zile jozi 3,000 za watu tofauti, wakaweka jozi za watu wanaofanana, waliochaguliwa kwa macho ya binadamu. Wakauita SLLFW. Alama zikashuka. Kipimo cha shabihi ni wazo hilo hilo likiletwa kwenye upachikaji.

Sasa tupime. Rula yetu ni mfumo wa kutambua nyuso, kwa mfano ArcFace, ambao huugeuza uso kuwa orodha ya namba 512. Nyuso mbili zinalinganishwa kwa kosaini ya pembe kati ya orodha zao: picha mbili za mtu mmoja hupanda kuelekea 1, za watu wasiohusiana hukaa karibu na 0. Namba zifuatazo nimezitunga mwenyewe ili hesabu ionekane.

Kabla ya kugusa tokeo, pima rula yenyewe. Chukua picha mbili tofauti za mwenye sura, zilizopigwa siku tofauti, uone zinavyokaribiana. Tuseme 0.70. Picha hiyo ya pili ilinganishe pia na shabihi. Tuseme 0.38. Tofauti yao ni 0.32, na hilo ndilo pengo kamili: hata mwenye sura mwenyewe akikaa mbele ya kamera hawezi kupata zaidi ya hapo. Kama pengo hilo ni dogo mno, tuseme 0.05, acha kabisa. Rula yako haiwatofautishi watu hao wawili, na chochote itakachosema juu ya tokeo ni kelele. Ndiyo maana pacha wa kufanana, ambaye kila mtu humfikiria kwanza, hafai kuwa shabihi. Mifumo mingi ya kutambua nyuso hushindwa kuwatenganisha mapacha wa namna hiyo, na kushindwa kwa rula si kosa la upachikaji.

Rula ikifaa, hesabu ni hii, s ikiwa ile kosaini ya nyuso mbili:

```
pengo = s(tokeo, mwenye_sura) - s(tokeo, shabihi)
kilichohama = pengo / pengo_kamili
```

Mfumo wa kwanza unatoa tokeo lenye 0.52 kwa mwenye sura na 0.49 kwa shabihi. Ukiitazama 0.52 peke yake utafurahi, kwa kuwa iko mbali sana na 0 ya watu wasiohusiana. Lakini pengo ni 0.03, na 0.03 kwa 0.32 haifiki hata sehemu moja ya kumi. Mfumo huu umemchora binamu. Mfumo wa pili unatoa 0.55 kwa mwenye sura na 0.31 kwa shabihi; pengo ni 0.24, yaani robo tatu ya pengo kamili. Kwa kutazama alama ya mwenye sura peke yake, mifumo hii miwili ingekaa bega kwa bega, 0.52 na 0.55. Shabihi ndiye aliyeitenganisha.

Kuna nyongeza ambayo mimi binafsi naipenda kuliko hesabu yenyewe. Mpachike shabihi naye juu ya video ile ile ya mwenye mwili, kisha ulinganishe matokeo mawili yenyewe kwa yenyewe. Watu hawa wakiwa hai wanakaribiana kwa 0.38. Matokeo yao yatakaribiana zaidi kidogo, kwa sababu yote yamebeba mabaki ya mwenye mwili mmoja. Lakini yakifika 0.80, umelikamata kosa likitendeka: mfumo umepewa watu wawili ukatoa mtu mmoja. Ndani yake una kinyago cha “mwanamume wa miaka arobaini mwenye ndevu fupi”, na kila anayekaribiana na maelezo hayo anavikwa kinyago hicho.

Makosa ya kupima ni mengi, ila matatu ndiyo hurudi kila mara. La kwanza ni kulilinganisha tokeo na picha ile ile iliyotumika kupachika. Tokeo linaweza kuwa limenakili kivuli cha pua, fremu ya miwani au tabasamu la picha hiyo, na rula ikahesabu vyote kama undugu. Shabihi hana kivuli hicho, basi pengo linapanuka kwa uongo. Picha ya kulinganisha iwe nyingine, na ya shabihi ifanane nayo kwa mwanga na mkao.

La pili ni kutumia rula iliyomfundisha mwanafunzi. Mifumo mingi ya kupachika, FaceShifter na SimSwap ikiwemo, huusoma utambulisho wa mwenye sura kwa ArcFace au ndugu zake, na hufunzwa ikiadhibiwa kila namba hizo zikitofautiana. Ukipima kwa mfumo ule ule, unampa mwanafunzi mtihani aliokwisha kuuona. Anaweza kuwa amejifunza kuiridhisha rula bila kumridhisha mtu mwenye macho. Waliopima kwa CosFace, mfumo mwingine wa kutambua nyuso, walikuwa wanajaribu kulikwepa hilo, ingawa huo nao ni jamaa wa karibu wa ArcFace. Heri kutumia rula mbili zilizofunzwa kwa picha tofauti, na pengo lionekane kwa zote.

La tatu ni mwenye mwili. Huenda yeye mwenyewe anamfanania shabihi kuliko mwenye sura. Hapo tokeo litavutwa kwa shabihi kabla kazi haijaanza, na mfumo utalaumiwa bure. Pima video asili kwanza dhidi ya wote wawili. Kwa sababu hiyo hiyo jozi moja haitoshi: zungusha wenye mwili kadhaa, badilisha shabihi, kisha utazame mapengo yote kwa pamoja badala ya kuchagua lile zuri.

Shabihi achaguliwe na nani, basi? Ukiuacha mfumo wa kutambua nyuso uchague jirani wa karibu, umchague kwa rula tofauti na ile utakayopimia, ama sivyo utakuwa umemchagua mtu ambaye rula yako ina udhaifu naye. Ukichagua kwa macho, waulize watu kadhaa, maana kila mmoja wetu ana kitu anachokitazama. Kuna anayetazama nywele tu. Nywele hazihamishwi, kwa hiyo kufanana kwa nywele hakusaidii chochote hapa.

Kwetu Afrika Mashariki kuna jambo zaidi. Ripoti ya NIST, taasisi ya vipimo ya Marekani, ya Desemba 2019 ilikuta kwamba algoriti nyingi huwachukulia watu wawili tofauti kuwa mmoja mara nyingi zaidi kwa watu wa Afrika Magharibi, Afrika Mashariki na Asia Mashariki kuliko kwa watu wa Ulaya Mashariki, na kwa algoriti nyingine tofauti ilikuwa kati ya mara 10 na mara 100. Lifikirie hilo ndani ya hesabu yetu. Jozi ya watu wa Tanga au Kisumu ambao hata hawajuani inaweza kuanzia juu kuliko 0. Tokeo la 0.45 linalosifiwa huko kwingine huenda hapa ni kufanana kwa wapita njia wawili tu. Anayechukua kizingiti kilichopatikana kwa nyuso za Ulaya na kukitumia kwetu atatangaza kwamba sura imehama pale ambapo haijahama. Kipimo cha shabihi kinapunguza hatari hiyo, kwa sababu hakitegemei kizingiti cha mbali. Kinawalinganisha watu wawili wa hapa hapa, na pengo kamili linakuambia mapema kama rula inawaona kuwa wawili.

Mwisho wa yote kuna macho. Waonyeshe watu tokeo, kisha picha ya mwenye sura na ya shabihi, uwaulize ni nani kati ya hawa. Anayebahatisha atapata nusu, kwa hiyo 55 katika 100 si habari. Wagawe wanaojibu kwa makundi mawili: wanaomfahamu mwenye sura na wasiomfahamu. Wageni hulinganisha ndevu na upana wa paji la uso. Mtu aliyekula naye sahani moja miaka ishirini atalitazama tokeo kwa sekunde mbili na kusema, “Huyu si yeye,” bila kuweza kukueleza kwa nini, hata pale rula ilipotoa robo tatu.