Kwa nini prosesa inachemka ilhali kompyuta haina kazi?

"Nimefuta vumbi kwenye kompyuta yangu ya mezani na kuweka pesti mpya ya kupitisha joto kati ya prosesa na kipozeo chake. Sasa hata nisipofungua programu yoyote, prosesa inasoma nyuzi 85. Kwa nini?"

Kabla ya kushika bisibisi, tazama joto linavyopanda. Zima kompyuta ipoe, iwashe, kisha ingia moja kwa moja BIOS, ule ukurasa wa mipangilio unaofunguliwa kabla mfumo kama Windows haujawaka. Namba ikiruka hadi 80 ndani ya sekunde chache, kipozeo hakijaigusa prosesa sawasawa. Ikianzia 40 na kupanda taratibu kwa dakika kadhaa, mguso upo, ila hakuna upepo wa kuliondoa joto: hapo shuku feni. (Ndani ya BIOS prosesa haipumziki vizuri, kwa hiyo nyuzi 45 au 50 zisikutishe.)

Aliyetoka kufungua kipozeo mara nyingi ana tatizo la kwanza. Chukua kile kipozeo cha mviringo kinachouzwa pamoja na prosesa za Intel za soketi kama LGA1151. Kinashikiliwa na pini nne za plastiki, na ikichomoka moja tu, kipozeo kizima kinainama. Kwa juu huoni kitu. Ukitazama nyuma ya ubao mama, utakuta ncha tatu zimetokeza vizuri, ila ya nne imebaki ndani ya tundu.

Mshale ulio juu ya pini unaonyesha upande wa kufungulia, na wengi huuzungusha wakidhani wanakaza. Rudisha kila pini kinyume na mshale, kisha bonyeza mbili zinazotazamana kimshazari, halafu mbili zilizobaki, hadi kila moja ilie "klik".

Ukishakinyanyua kipozeo, pesti ya zamani haifai tena, maana imeshaingiza hewa. Ila isome kabla ya kuifuta: ikiwa nyembamba upande mmoja na nene upande wa pili, kipozeo kiliinama. Safisha kwa spiriti, weka tone la ukubwa wa punje ya choroko katikati, na uache mgandamizo uitandaze. Pesti hupitisha joto vibaya kuliko shaba. Kazi yake ni kujaza vinyufa tu, kwa hiyo kuiongeza hakuzibi pengo la pini iliyochomoka. Kipozeo kikiwa kipya, hakikisha pia umebandua karatasi ya nailoni chini yake.

Kama joto lilipanda taratibu, fuata waya wa feni. Unatakiwa kuingia palipoandikwa CPU_FAN. Ukichomekwa kwingine, kompyuta nyingi huonyesha "CPU Fan Error", kwa sababu ubao mama hausomi mzunguko wowote hapo. Ikiwa feni iko CPU_FAN na haizunguki, ihamishie SYS_FAN, tundu la feni za kasha, kwa majaribio, na kwenye BIOS uiweke mwendo wa juu kabisa. Ikizunguka huko, kagua mpangilio wa CPU_FAN kwanza; ukiwa sawa, tundu hilo ndilo bovu. Isipozunguka popote, nunua feni.