Hiyo Chaneli 11 Unayoiona Tupu

Nimetumiwa tena ile picha ya skrini. Programu ya kupima Waifai kwenye simu, matao ya rangi yamerundikana chaneli 1 na 6, na kule 11 peupe kabisa. Chini yake ujumbe: "Fundi, nimehamia 11 ambako hakuna mtu, mtandao ndio umezidi kuwa mbovu. Rauta imekufa?"

Rauta haijafa. Programu nayo haikusema uongo, ila uliiuliza swali lisilo lake. Programu za namna hiyo hazipimi redio. Zinaiomba chipu ya simu orodha ya mitandao iliyojitangaza, kisha zinachora tao kwa kila jina. Rauta hujitangaza takriban mara kumi kwa sekunde. Maikrowevu haijitangazi. Kamera ya kumwangalia mtoto ya analogi haijitangazi. Ni kama bawabu anayehesabu waliojiandikisha daftarini tu. Aliyeruka ukuta hayumo kwenye hesabu. Na huenda utupu wenyewe ndio dalili: rauta za majirani zinazojichagulia chaneli zimeshaikimbia hiyo 11 zamani.

Nyumba moja niliyoitwa ilikuwa na ugonjwa ninaoupenda kwa sababu una saa maalumu. Mchana mtandao safi. Mtoto akilazwa, kurasa zinagoma kufunguka mpaka asubuhi, na vistari vya mawimbi vimejaa muda wote. (Vistari hupima nguvu ya matangazo ya rauta yako. Havisemi chochote kuhusu kelele iliyo pembeni yake, kwa hiyo tafadhali acheni kunitolea vistari kama ushahidi.) Rauta ilikuwa inakubali amri za Linux, nikaandika:

```
iw dev wlan0 survey dump
```

Kwenye chaneli inayotumika, yaani 11, majibu yalikuwa ya sura hii:

```
frequency:              2462 MHz [in use]
channel active time:    60000 ms
channel busy time:      49200 ms
channel receive time:   3100 ms
channel transmit time:  1900 ms
```

Katika dakika moja ya kusikiliza, hewa ilikuwa na shughuli kwa sekunde 49.2. Waifai iliyopokelewa ni sekunde 3.1, iliyorushwa ni 1.9. Ukitoa hizo mbili zinabaki sekunde 44.2, karibu robo tatu ya muda wote, ambazo hazina mwenyewe kwenye dunia ya Waifai. Kamera ya mtoto ilipozimwa, hewa ikatulia palepale.

Nisiipambe mno hesabu hiyo. Draiva hutofautiana: nyingine hazijazi mistari hii kabisa, nyingine hulimbikiza namba tangu mwanzo, ikabidi usome mara mbili na kutoa. Tena "shughuli isiyo na mwenyewe" inaweza kuwa Waifai ya mbali ambayo chipu imeshindwa kuifumbua. Mimi huiamini pale tu inapopanda na kushuka pamoja na swichi ya kifaa ninachokishuku.

Sasa sehemu inayonikera. Watu husema "mwingiliano" kana kwamba ni kitu kimoja. Kamera ya analogi hurusha mfululizo, sekunde zote, haipumui wala haingojei zamu. Rauta kabla ya kurusha husikiliza kwanza. Ikisikia Waifai nyingine hata kwa unyonge wa takriban dBm -82, kipimo cha nguvu ya mawimbi ambacho kikizidi kushuka chini ya sifuri mawimbi ni dhaifu zaidi, huisubiri imalize. Lakini kelele isiyo Waifai huistahi pale tu inapofika karibu dBm -62, yaani lazima iwe na nguvu mara mia zaidi. Kwa hiyo kamera ikiwa karibu na rauta, rauta hufunga mdomo: haikosei, haisemi tu. Kamera ikiwa mbali kidogo na rauta lakini karibu na kompyuta yako, rauta huona njia nyeupe, inarusha, na kompyuta inapokea fremu, yaani vifurushi vya data, zilizochanika. Rauta inarudia, inarudia tena, kisha inashusha kasi. Mateso mawili tofauti kutoka kifaa kilekile, na tofauti ni mahali kilipowekwa. Ndiyo maana namba za upande wa rauta zinaweza kuonekana nzuri huku wewe chumbani unateseka.

Kamera nyingi za analogi za aina hii zina masafa manne tu: megahezi 2414, 2432, 2450 na 2468, mara nyingi kwa swichi ndogo iliyo nyuma. Chaneli 11 ya Waifai kitovu chake ni 2462, na inatanda kama megahezi 10 kila upande. Kwa hiyo 2468 imekaa ndani yake kabisa, na 2450 inagusa 6 na 11 zote mbili. Pale nyumbani kamera ilikuwa kwenye 2468. Niliiacha hapohapo na kuirudisha rauta chaneli 1, ile iliyojaa majirani. Mwenye nyumba hakuelewa kwa nini nampeleka kwenye msongamano. Sababu ni kwamba majirani wana Waifai: wanasikilizana, wanangojeana, wanagawana hewa. Chaneli yenye rauta tano hukupa zamu yako. Chaneli yenye kamera moja haikupi kitu. Dawa kamili ni kamera isiyotumia bendi hii ya gigahezi 2.4, au kuhamishia vifaa vyako gigahezi 5, mradi ukubali kwamba kuta zitakupunguzia umbali zaidi.

Maikrowevu ni kisa kingine, na hapa lawama huwa za kweli ila maelezo ni ovyo. Inapika karibu na megahezi 2450, na uvujaji wake ulio salama kabisa kwa binadamu bado ni kelele kubwa kwa kifaa kinachorusha miliwati 100. Lakini ile ya transfoma haipigi kelele mfululizo. Hufanya kazi kwenye nusu moja ya kila mzunguko wa umeme, hivyo kwa umeme wa hezi 50 unapata takriban milisekunde 10 za kelele, kisha 10 za utulivu. Fremu ya baiti 1500 kwa megabiti 54 kwa sekunde inapita kwa robo milisekunde. Inatosha kwenye upenyo mara nyingi. Rauta ikipaniki na kushuka hadi megabiti 1, fremu ileile inahitaji milisekunde 12. Haitoshi tena. Tahadhari ya rauta yenyewe ndiyo inayoziba upenyo. Kama huna vifaa vya kizamani, zima kasi za megabiti 1 na 2 kwenye mipangilio. Maikrowevu za inveta hazina mapumziko ya wazi namna hiyo, na kwa hizo ujanja huu sina uhakika nao; hapo husogeza rauta tu, au huchagua chaneli 1 iliyo mbali na kitovu.

Simu za mezani zisizo na waya hazihitaji maneno mengi. Kama kwenye kibandiko imeandikwa DECT, iache, iko chini kabisa karibu na megahezi 1900 na haigusi Waifai yako. Zile za zamani za gigahezi 2.4 nyingi hurukaruka bendi nzima, kwa hiyo kuhama chaneli hakukusaidii. Zitakufuata kila uendako, dakika zote mtu anapoongea.