Kuunganisha kumbukumbu za watu kwa uzito wa majina na mwaka wa kuzaliwa

Tuseme zahanati ina kadi ya Neema Juma aliyezaliwa mwaka 1985, na daftari la wakazi 32,000 lina Neema Juma wa mwaka huo huo, lakini hakuna namba ya kitambulisho. Kuunganisha kumbukumbu kwa uwezekano ni kukadiria kwa hesabu kama hao ni mtu mmoja. Howard Newcombe na wenzake walieleza njia hii nchini Kanada mwaka 1959, na mwaka 1969 Ivan Fellegi na Alan Sunter wakaipa msingi wake wa kihesabu.

Kwa kila kipengele tunauliza mambo mawili: kumbukumbu za mtu mmoja hulingana mara ngapi, na za watu wawili tofauti hulingana kwa bahati mara ngapi? Katika mfano wetu, ambao tarakimu zake ni za kujifunzia tu, jina la ukoo ni 96% kwa 3%, yaani mara 32. Jina la kwanza ni 80% kwa 5%, yaani mara 16. Na mwaka ni 64% kwa 2%, yaani tena mara 32. Tukihesabu kila uwiano ni 2 ngapi zilizozidishwa pamoja, tunapata uzito wa 5, 4 na 5, jumla 14.

Jumla hiyo inavutia, lakini haitoshi. Uzito wa 14 ni mara 16,384, ilhali kabla ya kulinganisha chochote, mkazi yeyote alikuwa na nafasi moja tu kati ya 32,000 hivi ya kuwa ndiye. Kwa hiyo Neema wetu ana uwezekano wa takriban theluthi moja tu, ingawa vipengele vyote vitatu vimelingana. Lakini kama ukoo wake ungekuwa adimu, unaobebwa na mtu mmoja kati ya 1,000, uzito wa ukoo ungekaribia 10, na nafasi ingefikia takriban 15 kwa moja. Ndiyo maana uzito wa jina unapaswa kufuata jina lenyewe.

Kutolingana nako huondoa uzito: mwaka ukitofautiana tunapunguza kama 1.4 tu, kwa sababu wengi hukadiria umri wao, lakini ukoo ukitofautiana tunapunguza 4.6. Hapo ndipo wanawake waliochukua majina ya waume zao huadhibiwa bila kosa. Ukiona kumbukumbu zilizokosa za kuunganishwa nazo ni za wanawake kupita kiasi, kadiria uzito wa ukoo kwa wanawake peke yao. Mapacha huleta shida iliyo kinyume, maana ukoo na mwaka hulingana kwa pamoja, wakati hesabu hii hudhani kila kipengele kinajitegemea. Jozi za namna hiyo zipitiwe kwa macho, kwa jina la kwanza na jinsia.