Mdomo umechanika pembeni, lakini mimi nataka kuona meno ya bandia

Mwezi wa tatu alikuja kliniki hapa Kisumu mama mmoja kutoka Ahero, miaka sabini na kitu, pembe zote mbili za mdomo zimechanika, nyekundu, zimelowa, akipiga miayo damu inatoka. Ameshapaka vaselini na kumeza vidonge vya vitamini B miezi miwili. "Daktari, ata ugali nauma kidogo kidogo kama mtoto," akaniambia.

Nikamwomba atoe meno ya bandia ya juu, akashangaa, juu yeye ameleta mdomo si meno. Paa la mdomo lilikuwa jekundu, na huo wekundu ulifuata umbo la bandia kabisa. Hapo ndio kandida ilikuwa inakaa, yaani fangasi, na kutoka hapo inashuka na mate mpaka kwa ule mchaniko.

Haya meno amevaa miaka 12 na analala nayo. Yamelika na ufizi umeshuka, sasa akifunga mdomo kidevu kinapanda sana, ngozi ya pembeni inakunjika, mate yanatuama kwa hiyo kunjo usiku kucha, ngozi inalainika kama vidole vya mtu amefua siku nzima, halafu inapasuka. Ukipaka dawa nje peke yake itapona na itarudi.

Nilimpa krimu ya mikonazo asilimia 2, apake mara mbili kwa siku na aendelee siku 10 baada ya kupona, watu wengi huacha wakiona ngozi imefunga na hapo ndio inarudi. Mikonazo inapiga fangasi na pia baadhi ya bakteria, ndio naipenda kwa kuanzia. Lakini kama unameza wafarini ya kuzuia damu kuganda usiiguse kabla uongee na daktari, inaweza kukufanya utokwe damu vibaya. Ndani ya mdomo nilimpa nistatini ya matone, nayo ni dawa ya fangasi, mililita 1 mara nne kwa siku, bandia ikiwa nje. Na usiku bandia zinatoka, zinasuguliwa na sabuni na brashi laini, zinalala kwa maji.

Kama ukoko ungekuwa wa rangi ya asali ningeshuku bakteria, stafilokokasi, na ningetumia mafuta ya fusidiki. Damu tulipima, ya chuma na B12 zilikuwa sawa, kwa hivyo zile vitamini hazikuwa na kazi. Kwa msichana wa miaka 20 hana bandia, ulimi umekuwa laini na amepauka, hapo naanza na damu, na sukari na ukimwi pia napima kama inarudi rudi. Malengelenge upande mmoja tu mara nyingi ni virusi vya hapisi, hiyo ni dawa ingine.

Baada ya wiki tatu pembe zilikuwa zimefunga. Sai tunamtengenezea bandia mpya, ndefu kidogo, ndio ile kunjo ifunguke.